Kikosi cha dharura kinapotambulishwa, tuambiwe nani anajibu nini

Siku hizi kila janga lina meza yake ndefu. Saa chache baada ya moto mkubwa, ajali ya treni au kuvuja kwa kemikali, kamera zinawashwa, na nyuma ya vipaza sauti wanaketi watu tisa, kumi, wakati mwingine kumi na watano. Mmoja anashika orodha na kuanza kuwatambulisha: cheo, jina, cheo, jina. Anayetazama kwenye simu anasubiri jambo moja tu, kama atoke nyumbani au abaki, na dakika saba zinakwisha hajalisikia. Ndiyo maana malalamiko yamekuwa mengi kwamba mikutano hii ni ya kutambulishana tu. Ofisi nyingi zimeyasikia malalamiko hayo na zimeanza kujirekebisha kwa njia mbili. Nyingine zinafuta utambulisho na kuingia moja kwa moja kwenye taarifa. Nyingine zinamweka msemaji mmoja mbele na kuwataka wengine wote wakae kimya.

Naona dawa zote mbili zimetokana na kuusoma ugonjwa vibaya. Utambulisho wa kikosi cha dharura ndiyo sehemu yenye kazi kubwa kuliko zote katika mkutano wa kwanza, kwa sharti kwamba unagawa maswali badala ya kusoma vyeo. Msikilizaji hahitaji kujua kwamba fulani ni mkurugenzi msaidizi wa idara fulani. Anahitaji kujua kwamba habari ya kuhama au kubaki ataisikia kwa mtu huyu, habari ya majeruhi kwa yule, na habari ya chanzo cha ajali haitatolewa leo na yeyote aliyeketi pale. Na ule utulivu wa maneno tunaousifu kwa baadhi ya wasemaji hautokani na sauti ya upole. Unatoka kwenye mgawanyo huo: mtu anayejua mpaka wa swali lake hana sababu ya kubahatisha, na asiyebahatisha husikika ametulia.

Hoja hii ina kisa chake kinachojulikana sana, ingawa kwa kawaida husimuliwa nusu. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, saa kumi hivi, kinu namba 2 cha kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, Marekani, kilipata hitilafu katika mfumo wa kupoza, na sehemu ya kiini chake ikayeyuka. Kituo hicho kiko kilomita 16 hivi kutoka Harrisburg, makao makuu ya jimbo. Kabla ya adhuhuri, naibu gavana William Scranton alikuwa ameshakutana na waandishi na kuwaambia kwamba kila kitu kimedhibitiwa na hakuna hatari kwa afya ya umma. Hayo ndiyo aliyokuwa ameelezwa kutoka kituoni. Katika mkutano uleule, mhandisi wa jimbo aliyekuwa pamoja naye akaeleza kwamba mionzi kidogo ilikuwa imepimwa nje. Jioni ya siku hiyohiyo Scranton alirudi mbele ya waandishi na kukiri kwamba hali ilikuwa ngumu kuliko kampuni ilivyowaeleza mwanzoni. Siku moja ilitosha kulifanya neno “imedhibitiwa” lisiaminike tena kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Ijumaa, tarehe 30, mambo yakaharibika zaidi, na yaliharibika kwa sababu ya namba moja. Helikopta iliyokuwa ikipima mionzi juu ya bomba la kutolea hewa la kituo ilisoma milirem 1,200 kwa saa. Mbali na pale, kwenye makao ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia karibu na Washington, mtaalamu mmoja alikuwa amefanya hesabu yake kuhusu kiwango ambacho kingeweza kuwafikia watu waliopo chini, nje ya uzio wa kituo, na hesabu hiyo nayo ikatoa 1,200. Iliposikika kwamba 1,200 imepimwa kweli, watu wakadhani ndiyo ile iliyohesabiwa. Hakuna aliyeuliza mara moja imepimiwa wapi. Pendekezo la kuwahamisha wakazi likapelekwa jimboni, king'ora kikalia Harrisburg, pendekezo likarudishwa nyuma, na mchana gavana Dick Thornburgh akawashauri wajawazito na watoto wasioanza shule, walio ndani ya maili 5 za kituo, waondoke. Asubuhi hiyohiyo Jack Herbein, makamu wa rais wa kampuni ya umeme, alipobanwa na waandishi alisema haoni kwa nini wanalazimika kuwaambia kila kitu wanachofanya. Watu wakawa na kampuni, jimbo na tume, kila upande ukisema lake kuhusu kinu kilekile.

Mchana huo Rais Jimmy Carter alimtuma Harold Denton, mkuu wa idara ya usimamizi wa vinu katika Tume, pamoja na kundi la wataalamu wake. Usiku Denton akasimama na gavana mbele ya waandishi. Hapa ndipo wasimuliaji wengi wanapoishia: alipatikana msemaji mmoja, akaongea polepole, watu wakatulia, na funzo likawa kwamba wakati wa janga iwepo sauti moja. Sehemu inayoachwa ndiyo yenye faida kwetu. Makubaliano yaliyofikiwa hayakuwa ya sauti moja. Yalikuwa ya sauti tatu zenye mipaka. Hali ya kinu ilikuwa ya Denton. Kuhama na hatua nyingine za kuwakinga watu zilikuwa za ofisi ya gavana. Misaada ya dharura ya serikali ya shirikisho ilikuwa ya Ikulu. Denton alipoulizwa kama watu wahame, hakuwa na haja ya kutunga jibu, maana swali lile halikuwa lake na aliyekuwa nalo alikuwa hatua mbili kutoka pale aliposimama.

Mpaka huo ulijaribiwa mapema. Jumamosi Herbein alisema kwamba kiputo cha gesi ya hidrojeni kilichokuwa ndani ya kinu, sehemu ya juu, kimepungua kwa kiasi kikubwa na kwamba, kwa maoni yake, hatari imepita. Muda si mrefu Denton akasema kwamba haijapita, na kwamba haitapita mpaka kinu kipoe kabisa. Baada ya hapo kampuni ikaacha kufanya mikutano yake kuhusu hali ya kinu. Jioni hiyo ukaja mtihani mzito zaidi: shirika la habari la AP, likimnukuu ofisa wa Tume asiyetajwa jina, liliripoti kwamba kiputo kingeweza kulipuka, pengine ndani ya siku mbili. Ofisi ileile ya Denton ilikuwa inampinga kutoka Washington. Usiku huohuo gavana na Denton wakarudi mbele ya waandishi na kueleza kwamba hatari ya mlipuko haipo karibu. Kesho yake Carter mwenyewe akaingia ndani ya kituo, na baadaye ikathibitika kwamba hofu ya mlipuko ilitokana na makosa ya hesabu, kwa kuwa ndani ya kinu hapakuwa na oksijeni ya kutosha kuiunguza hidrojeni ile. Ikiwa usiku ule pasingekuwa na mtu ambaye umma umeshaambiwa kwamba hali ya kinu ni yake, kukanusha kwake kungekuwa tetesi nyingine juu ya tetesi.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinajibu dawa zote mbili nilizozitaja. Wanaofuta utambulisho wanaondoa kile kilichomwezesha Denton kusikika. Wanaomweka msemaji mmoja kwa maswali yote wanamfanya awe kama Scranton wa asubuhi ya kwanza: mtu mwaminifu anayebeba habari ya kazi asiyoifanya, aliyoelezwa na mtu ambaye hayupo mezani.

Wapo wanaotetea msemaji mmoja kwa hoja nzito, na si haki kuzipita juu juu. Wasemaji wakiwa wengi, wanasema, waandishi watawachonganisha: watamuuliza daktari kuhusu moto na zimamoto kuhusu wagonjwa, kisha watachapisha tofauti ya namba. Hilo hutokea kweli. Ndege ya MH370 ilipopotea tarehe 8 Machi 2014, siku za mwanzo za mikutano ya Malaysia zilijaa masahihisho ya aina hiyo. Gazeti moja lilimnukuu mkuu wa jeshi la anga akisema rada ya kijeshi iliiona ndege upande wa magharibi. Kesho yake akakanusha kusema hivyo. Siku chache baadaye waziri mkuu akathibitisha kwamba rada ilionyesha ndege iligeuka. Hata maneno ya mwisho kutoka chumba cha marubani, yaliyotangazwa mwanzoni, yalisahihishwa mwishoni mwa mwezi. Lakini tazama vizuri kasoro ilikuwa wapi. Mbele ya vipaza sauti alikuwepo waziri aliyekaimu uchukuzi huku akishika pia ulinzi, yaani msemaji mmoja kwa swali la usafiri wa anga na swali la rada ya jeshi kwa pamoja. Wingi wa vinywa haukuwa tatizo kubwa kuliko hili: kwamba hapakutangazwa tangu siku ya kwanza nani atasema rada imeona nini, na lini atasema. Swali lisilo na mwenyewe hujibiwa na kila anayekutana nalo.

Hoja ya pili ni ya wakubwa. Kwamba mkuu wa mkoa, waziri au mwenyekiti wa kampuni lazima aonekane, kwa kuwa watu wanataka kumwona mwenye dhamana, na kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kuahidi fedha na magari. Nakubaliana nayo kabisa. Mkubwa asipoonekana, watu husema amejificha. Kinachohitajika ni kumpa swali lake: yeye ndiye mwenye kusema nani ameshika usukani na rasilimali gani zimetolewa. Baada ya hapo anakabidhi kipaza sauti. Akiendelea kukishika, ataulizwa upepo unaelekea wapi, naye kwa heshima ya cheo chake ataona aibu kusema hilo aulizwe mwingine.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: tusiwaambie watu yale tusiyoyajua, watapata taharuki. Hoja hii ndiyo inayozaa utambulisho wa vyeo virefu, kwa matumaini kwamba uzito wa wataalamu utajaza pengo la taarifa. Watafiti wa majanga, akiwemo mwanasosholojia E. L. Quarantelli aliyeifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, wameonyesha tena na tena kwamba taharuki ya watu kukanyagana na kusahau wenzao ni nadra. Wengi hutafuta ndugu zao, huuliza, kisha hufanya kile wanachoona kina mantiki kwa taarifa walizonazo. Three Mile Island inatuonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Walioshauriwa waondoke walikuwa elfu chache. Walioondoka walikadiriwa kufika 140,000 hivi. Walipoulizwa baadaye, taarifa zilizopingana zilikuwa miongoni mwa sababu walizozitaja. Watu hawakukimbia kwa kuambiwa “bado hatujajua”. Walikimbia kwa kusikia mambo matatu tofauti kutoka kwa wenye vyeo vitatu.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni: mtungi wa gesi ya klorini umevuja kwenye mtambo wa kusafisha maji, saa kumi na mbili asubuhi, watu kadhaa wamepelekwa hospitali, mitaa miwili iko upande unaoelekea upepo. Mkutano wa kwanza na waandishi ni saa mbili. Kabla ya kuandika hata sentensi moja ya utambulisho, anayeuandaa aorodheshe maswali, na ayaandike kwa maneno ya mtu aliye nyumbani: Nitoke au nibaki? Gesi inaelekea wapi? Ndugu yangu kapelekwa hospitali gani? Maji ya bomba ni salama? Watoto waende shule? Imetokeaje? Kisha mbele ya kila swali aandike jina moja. Kazi ngumu iko hapa, na ndiyo sababu wengi huikimbilia orodha ya vyeo. Swali la kutoka au kubaki litadaiwa na watatu: zimamoto, uongozi wa wilaya na polisi. Swali la maji halitadaiwa na yeyote, kwa sababu mwenye mtambo anaogopa kulaumiwa na idara ya afya haijapokea sampuli. Swali lenye majina mawili au lisilo na jina ni ugomvi ambao haujamalizwa, na lazima umalizwe kwenye chumba cha ndani kabla ya kamera kuwashwa. Hata kama matokeo ni kwamba swali fulani halina jibu leo, lazima liwe na mtu wa kusema hivyo.

Ikishafanyika kazi hiyo, utambulisho wenyewe ni wa dakika moja na nusu, na hauanzi na majina. Unaanza na maagizo, kwa sababu aliye kwenye mtaa wa upande wa upepo hawezi kusubiri:

“Leo saa kumi na mbili asubuhi gesi ya klorini imevuja kwenye mtambo wa maji. Gesi bado inavuja. Mlio katika mitaa miwili tuliyoitangaza, ingieni ndani, fungeni madirisha, zimeni feni, na kama nyumba ina ghorofa pandeni juu, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Agizo hili linatoka kwa kamanda wa tukio, aliyeko kulia kwangu. Yeye peke yake ndiye atakayewaambia mtoke au mbaki. Idadi ya majeruhi na hospitali walizopelekwa, mtazisikia kwa mganga mkuu aliyeko kushoto kwangu. Swali la maji ya kunywa analo mkuu wa maabara. Sampuli zinapimwa sasa, na hadi atakapozungumza tunawaomba msiyanywe. Chanzo cha ajali kinachunguzwa, na leo hakuna kati yetu atakayekizungumzia. Tunarudi hapa saa nne kamili, hata kama hatuna jipya.”

Angalia mambo machache katika maneno hayo. Hakuna aliyetajwa kwa uzoefu wake wala kwa shahada zake. Kila mtu ametajwa pamoja na swali lake, na mahali alipoketi pametajwa ili mwandishi ajue amwelekee nani. Majina kamili yamo kwenye karatasi iliyogawiwa, pamoja na jina la mtu wa akiba kwa kila swali. Agizo lina mwenyewe, jambo ambalo baadaye litakuwa na thamani kubwa: saa nane mchana, uvumi ukienea kwamba watu wameruhusiwa kutoka, kila mtu atauliza kama kamanda wa tukio ndiye aliyesema. Na miadi ya saa nne imetolewa pasipo kuifunga kwenye kuwepo kwa habari mpya. Kikosi kinachosema “tutawajulisha kadiri taarifa zitakavyopatikana” kinawaachia wengine wayajaze yale masaa mawili.

Kuhusu maneno yenyewe, lugha yetu ina nguvu ambayo wasemaji wetu huitupa. Viambishi vya nyakati vinaweza kusema ukweli kwa usahihi mkubwa bila kumtisha mtu. “Hatujui” hufunga mlango. “Hatujajua” huuacha wazi na kudokeza kwamba kuna anayetafuta. “Tumezima” na “tunazima” vinatofautiana kwa herufi mbili tu, na nimesikia cha kwanza kikitamkwa wakati moshi bado unaonekana nyuma ya msemaji. “Moto umedhibitiwa”, kwa watu wa zimamoto, maana yake hausambai tena. Kwa mama aliye nyumbani maana yake umezimika. Kwa hiyo asiseme “umedhibitiwa”. Aseme: “Moto bado unawaka ndani ya ghala moja, na haujasogea tangu saa tisa.” Vivyo hivyo “hakuna vifo” na “hadi sasa hatujapokea taarifa ya kifo” ni sentensi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ikibatilika saa moja baadaye, msemaji ameonekana mwongo; ya pili ikifuatwa na habari mbaya, bado ilikuwa kweli wakati ilipotamkwa.

Kuna maneno mengine yanayovaa joho la utulivu huku yakiutafuna. La kwanza ni “hakuna haja ya kuwa na hofu”. Aliyesema hivyo amemwambia msikilizaji ahisi nini, na hajamwambia afanye nini. La pili ni “mamlaka husika”. Natamani kirai hiki kisisikike kabisa kwenye mkutano wa dharura. Msemaji anapotamka “mamlaka husika zinalifanyia kazi”, amekiri kwa lugha ya heshima kwamba ama hajui nani anafanya, ama anajua na hataki kumtaja. Kauli ya kutendwa pia ni ya kuangaliwa: “hatua zimechukuliwa”, “wananchi wameelekezwa”, “inasemekana”. Kila kitenzi cha namna hiyo kimemficha mtenda, na katika utambulisho wa kikosi mtenda ndiye habari yenyewe. Jaribio lake ni rahisi. Chukua maandishi ya utambulisho na uweke duara kwenye kila kitenzi kisichokuwa na mtu nyuma yake. Ukiwa na duara zaidi ya mbili tatu, bado mko kwenye chumba cha ndani, hamjafika mezani.

Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi katika mkutano wa namna hiyo, baada ya ajali ambayo sitaitaja. Walitambulishwa watu kumi na mmoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa amepenya pamoja na waandishi akauliza dada yake yuko hospitali gani, na nikawaona wale kumi na mmoja wakigeukiana, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa adabu, mpaka aliyekuwa na orodha akasema tutalichukua hilo. Hakuwepo hata mmoja mwenye nia mbaya pale. Ila swali lake halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, na yeye alitoka nje akiwa hana hata jina la kwenda kuliuliza mlangoni.

Mgawanyo huu una mahali unaposhindwa, na ni lazima pasemwe. Hauwezi kutibu kikosi ambacho wakuu wake wanagombania madaraka kwa kweli; utambulisho utaonyesha mpaka, na kabla ya jioni mmoja ataruka uzio. Waandishi wataligundua hilo haraka, kwa kuwa sasa wanajua mpaka uko wapi, na kwa maoni yangu hiyo ni faida. Pia unashindwa pale ambapo mwenye swali hana madaraka ya kulijibu. Mkuu wa maabara anayetakiwa kupata kibali kutoka makao makuu kabla ya kutangaza matokeo ya maji hajapewa swali, amepewa kiti. Ni heri aliyeshika kibali aketi pale, hata kama hajui kemia, na mkuu wa maabara akae pembeni yake. Dalili ya kasoro hii haijifichi: ni yule anayejibu swali lake mwenyewe kwa kusema atawasiliana na wakubwa.

Shida nyingine huanza siku ya pili, na huwa haipangwi. Watu wanachoka. Kamanda wa tukio aliyesimama saa mbili asubuhi hawezi kuwa yuleyule saa nane usiku, na mkutano wa alfajiri unapoanza ameketi mtu mwingine kwenye kiti kilekile bila neno. Mtazamaji aliyeambiwa jana kwamba ni huyu peke yake atakayesema mtoke, leo anamwona mgeni akisema tokeni. Mfumo wa kuongoza matukio uliotokana na mioto mikubwa ya misitu ya California ya mwaka 1970 unadai makabidhiano rasmi kila uongozi wa tukio unapobadilika: anayeondoka anamweleza anayeingia, na wote waliopo kazini wanajulishwa jina na saa. Sioni kwa nini umma usijulishwe kwa njia hiyohiyo. Inatosha kamanda wa jana aje mbele, hata akiwa na macho mekundu ya usingizi, aseme kwamba tangu saa kumi na mbili jioni swali la kutoka au kubaki analo mwenzake huyu, amtaje jina, ampe kipaza sauti, kisha akalale.